Sahihi ya supavaiza haikubebi hadi kwenye digrii

SWALI: "Niko fildi wiki ya nne katika ofisi moja ya umma. Supavaiza hanipi kazi, mbele ya watu ananiita 'mtoto wa fildi', nikiuliza kitu ananiambia nikakae. Wiki iliyopita alianza kunitumia meseji usiku. Juzi ameandika kwamba logibuku yangu ataisaini nikienda kumwona Jumamosi. Hajanigusa. Nikisema atanifelisha. Rafiki mmoja ananiambia niende CMA, mwingine ana mtu wa kunigongea mhuri kwa elfu thelathini. Niende kwa nani?" (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma)

JIBU: Binti yangu, Jumamosi usiende. Usiende na rafiki akusubiri nje, wala usiende kwa nia ya kumrekodi. Kuna watu wanawashauri wasichana watege mtego wao wenyewe, na ushauri huo unanikasirisha kuliko neno lolote. Mtego ni kazi ya maofisa wa TAKUKURU, wanaoupanga wakiwa karibu. Msichana aliye peke yake na simu kwenye pochi hana ulinzi wowote mlango ukifungwa.

Sasa hilo neno "atanifelisha". Naratibu mafunzo kwa vitendo chuoni, na kila msimu wa fildi nalisikia. Wanafunzi wanavumilia mambo mazito kwa sababu wanaamini mtu mmoja ameshika kalamu ya maisha yao. Hajaishika. Sahihi yake kwenye logibuku inathibitisha kwamba siku fulani ulikuwepo na ulifanya kazi fulani. Fomu yake ya tathmini ni sehemu tu ya alama, nyingine zinatoka kwa msimamizi wa chuo anayekutembelea na kwenye ripoti unayoiandika mwenyewe. Mgawanyo unatofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo fungua mwongozo wako wa fildi uusome leo. Tena chuo kikiwa na malalamiko yako kwa maandishi kabla ya tathmini kufika, sisi tunaoipokea tunajua imeandikwa na nani na kwa nini. Tathmini mbaya inayotua mezani kwangu bila neno lolote kutoka kwako ndiyo inayoniumiza kichwa. Malalamiko yanayokuja baada ya matokeo husomeka kama hasira za aliyefeli, hata yakiwa kweli.

Mambo yako ni mawili, na kila moja lina mlango wake. Kunyimwa kazi na kuitwa majina ni la ofisi. Chukua barua ya kukubaliwa fildi uangalie chini aliyesaini. Mara nyingi si supavaiza wako, ni Afisa Utumishi au mkuu wa taasisi. Huyo ndiye aliyekupokea, na ndiye mwenye uwezo wa kukuhamishia kitengo kingine. Ungekuwa na hili peke yake, ningekwambia umwone yeye kwanza, kwa adabu, ukiwa na logibuku mkononi, umwonyeshe siku ambazo ukurasa uko mtupu kwa sababu hukupewa kazi. (Na usizijaze siku hizo kwa kazi za kubuni. Andika: "Nilifika saa 1:30, niliomba kazi, sikupangiwa.")

Meseji ya Jumamosi ni jambo jingine. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mwingine haki au upendeleo. Kosa linaanzia kwenye kudai. Umeniandikia "hajanigusa" kama vile unajitoa kwenye kesi, lakini sheria haisubiri uguswe, wala haisubiri ukubali. Hata kama hakulitaja tendo lenyewe, meseji za usiku pamoja na sharti la sahihi zinatosha kuwapelekea TAKUKURU wazipime. Wana ofisi wilayani, na namba yao ya bure ni 113.

Kabla ya hapo, leo hii, mpigie mratibu wa fildi wa chuo chako, kisha uandike. Naanza na chuo kwa sababu wewe ni mwanafunzi wetu uliyeazimwa ile ofisi, na sisi ndio tunaoweza kukutoa pale bila wiki zako nne kupotea. Kama chuo chako kina dawati la jinsia, nakala iende huko, na nyingine kwa mshauri wa wanafunzi. Kama humwamini mratibu, anza na dawati. Barua isizidi ukurasa mmoja: jina na namba ya usajili, ofisi na kitengo, tarehe uliyoanza, kisha matukio kwa mfuatano, kila moja na tarehe, saa, maneno yake kama alivyoyasema na nani alikuwepo. Malizia kwa ombi moja lililo wazi: "Naomba nihamishiwe kituo kingine na wiki nilizokwisha kufanya zihesabiwe." Usimwite majina. Anayesoma akishaona "saa 4:52 usiku" na maneno yaliyofuata, hahitaji kuambiwa huyu ni mtu wa namna gani.

Meseji usizifute, hata zikikutia kichefuchefu. Piga skrinishoti inayoonyesha namba ya simu na tarehe, maana jina ulilomhifadhia halithibitishi kitu, kisha, kama ni WhatsApp, uhamishe mazungumzo yote kwa "Export chat" na ujitumie kwenye barua pepe. Simu yenyewe usiiuze wala kuibadilisha, kwa sababu atakayechunguza atataka kuona ujumbe ulipopokelewa. Na usizirushe kwenye magrupu. Ukizirusha, siku ya pili mjadala unakuwa wewe uliyemchafua mtu.

Akikugusa kwa nguvu wakati wowote, mlango unabadilika tena: nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue PF3 na ufike hospitali siku hiyohiyo bila kuoga wala kufua nguo. Kama kuna hatari ya maambukizi, dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Ukiwa na majeraha au hali mbaya, tangulia hospitali, polisi watafuata.

CMA mwachie rafiki yako. Tume ile inasuluhisha migogoro ya mwajiri na mwajiriwa, nawe huna mkataba wa ajira. Aliyehitimu na kupewa mkataba wa kazi ana njia hiyo. Mwanafunzi wa fildi atapoteza nauli na siku mbili za foleni.

Nimebakiza mtu wa mhuri. Wauza mihuri wanajua hasa wakati wa kumfuata mwanafunzi, ni pale anapoogopa kurudi ofisini. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alikuwa na malalamiko yanayofanana na yako. Hakumwambia mtu. Aliacha kwenda kazini wiki ya tatu, akanunua mhuri, akajaza wiki zilizobaki akiwa nyumbani kwa shangazi yake. Niliposhika ile logibuku niliona kwamba kurasa za nyuma zilikuwa na mhuri wenye sanduku la posta tofauti na wa kurasa za mbele. Alipoitwa ndipo akaeleza yaliyomsibu, akatoa na meseji, na meseji zilikuwa za kweli. Tulimwandikia mwajiri. Yule supavaiza hakuzigusa kabisa zile meseji kwenye majibu yake. Aliambatisha daftari la mahudhurio la ofisi, akaandika kwamba binti huyu hajaonekana tangu wiki ya tatu, na logibuku yake inasema alikuwepo kila siku.