Ukiletewa plani ya keji za samaki, soma chakula kwanza

Hii nawaandikia nyinyi mmeanza juzi kuletewa plani za watu, either kwa chama yenu ama mtu amesikia uko na pesa kidogo ya kutia mahali. Najua venye mnasoma juu hata hapa kwa kikundi chetu Nakuru naona wageni wakifanya hivyo hivyo: mtu anafungua faili, anaruka hadi peji ya faida ya mwaka wa tano, halafu anarudi nyuma kutafuta sababu za kuiamini. Mimi nasoma kinyume. Natafuta ile gharama moja kubwa ambayo bizinesi haiwezi kwenda bila hiyo, alafu naitumia kupima kila kitu kingine. Kwa matatu ni dizeli, kwa kuku wa mayai ni mash, na kwa keji za ngege huko ziwani ni peleti, yaani chakula, ambacho kwa kawaida kinakula zaidi ya nusu ya gharama yote.

Wacha nichukue plani moja tuliletewa kutoka upande wa Siaya, nimebadilisha vitu kidogo ili wenyewe wasijulikane. Vijana wana keji, wanataka KSh 3,000,000 tuchukue robo ya bizinesi. Plani yao iko safi, picha nzuri za droni, grafu inapanda. Wanasema watakuwa na keji 10, kila moja vifaranga 2,500, vifo ni asilimia 5, wanavuna samaki wa gramu 500, mara mbili kwa mwaka, na kilo ni shilingi 350 pale ufuoni. Piga hesabu mwenyewe, usiamini ile jumla ya chini hata kama imeandikwa kwa bold. Vifaranga 25,000 ukitoa hao asilimia 5 unabaki na samaki 23,750, nusu kilo kila mmoja ni kilo 11,875, mara mbili ni kilo 23,750 kwa mwaka. Kwa 350 inatoka kama milioni 8.3, na kweli ndiyo namba iko kwa plani. Hapo wageni wengi wanafunga eksel na kusema hesabu iko sawa. Hesabu iko sawa ndio, lakini hujauliza hao samaki walikula nini.

Sasa enda kwa laini ya chakula. Wameandika KSh 1,900,000 kwa mwaka, na mahali pengine wameandika peleti ni shilingi 130 kwa kilo. Gawanya, unapata kama kilo 14,600 za chakula. Yaani kilo 14,600 za chakula zitoe kilo 23,750 za samaki, ambayo ni gramu 600 hivi za peleti kuongeza kilo nzima ya nyama. Haiwezekani bana. Watu wa samaki wanaita huo uwiano FCR, kilo ngapi za chakula zinaleta kilo moja ya samaki, na kwa ngege wa keji na peleti nzuri ya kuelea, 1.4 hadi 1.8 ndiyo kawaida. Ukiweka 1.6, hizo kilo 23,750 zinataka kilo 38,000 za chakula, na kwa bei yao wenyewe hiyo ni karibu milioni 4.9. Faida yao yote ya mwaka ilikuwa imekaa ndani ya hiyo milioni 3 ya chakula ambacho hakijaandikwa.

Usikimbilie kusema ni wezi. Mara nyingi mtu alinakili templeti ya mwingine, ama alichukua chakula cha msimu mmoja akasahau kuzidisha mara mbili. Kwa hivyo swali sio "mbona mnadanganya", swali ni hili: "Niambieni FCR yenu ya mavuno ya mwisho na mnionyeshe mliipataje." Mtu anafuga kweli ana jibu, hata kama ni baya, atakuambia 1.9 juu mwezi wa pili peleti iliisha wakapeana pumba. Mtu hafugi atakupeleka kwa soko: ati Kenya inaagiza samaki kutoka China, ati tukichukua asilimia moja tu ya hilo pengo. Hiyo ya asilimia moja ya soko ukiiona pita nayo haraka, haikuambii nani atanunua samaki wao Jumanne ijayo.

Ukimaliza na namba za mwaka ujao, sasa angalia mwaka uliopita, juu hapo ndipo kuna ushahidi. Plani ilisema "mwaka jana tuliuza kilo 6,000". Tukaomba stetmenti ya tili ya miezi 12. Na hapa mjue kitu: msikubali skrinshoti, wala PDF imetumwa na mtu WhatsApp usiku. Mwambie mwenye tili aitoe mkiwa mmekaa pamoja, ije moja kwa moja kutoka M-Pesa na pasiwadi yake, ufungue wewe. Kijana alikubali bila shida, na stetmenti ikaonyesha pesa imeingia KSh 2,100,000. Kilo 6,000 mara 350 ni 2,100,000. Imeingiana kabisa, hadi mmoja wetu akasema sasa tumalize tu.

Lakini mimi nilikuwa bado na swali la chakula. Kilo 6,000 kwa 1.6 ni kilo 9,600 za peleti, na gunia lao ni la kilo 20, so natafuta magunia 480. Tukaomba risiti zote za chakula za huo mwaka, tukazipanga kwa meza moja moja, zote pamoja zikaleta magunia 288. Labda zingine zimepotea, hiyo hutokea, kwa hivyo tukaenda dukani. Mama mwenye duka akavuta daftari lake, akapitisha kidole, akasema, "Hawa vijana wangu ni wazuri mwanangu, hawana deni, lakini mia tatu hawajawahi kufika." Magunia 288 ni kilo 5,760, na hizo kwa 1.6 zinaleta samaki kilo 3,600 hivi. Kilo 2,400 hazina chakula.

Tukarudi kwa stetmenti, safari hii tukisoma upande wa pesa kutoka. Kulikuwa na namba tatu zile zile, zinatumiwa pesa alfajiri, na siku hiyo hiyo mchana mauzo yanapanda. Nikamuuliza tu pole pole, "Hawa watatu ni kina nani?" Akacheka kidogo, akasema ni majirani wenye keji, wakikosa mteja yeye anachukua mzigo wao anaupeleka Kisumu. Anachukua kwa 310 anauza 350. Kwa hivyo kilo 6,000 ziliuzwa kweli na tili haikudanganya, lakini kilo 3,600 alifuga na kilo 2,400 alinunua akauza. Hiyo ya pili ilimwachia shilingi 40 kwa kilo kabla ya mafuta na barafu, kama 96,000 kwa mwaka mzima. Kwa plani zote zilihesabiwa kama za keji zake, ndio maana keji zikaonekana zinazalisha hivyo. Hapo ndipo nataka mkae kidogo: namba inaweza kuwa ya kweli na bado ile sentensi imeshikilia isiwe ya kweli. Kila namba iulize imepima nini hasa, kuuza ama kufuga, kuahidiwa ama kulipwa.

Kitu cha tatu ni uzito, na hii huwezi kuifanya ukiwa Nakuru, lazima uende kwa maji. Spredshiti ilisema keji nambari 4 ina miezi mitano na samaki wako gramu 400. Mfanyakazi akarusha peleti akachota kwa wavu pale juu, wakatoka samaki wakubwa wa kupendeza. Kataa hiyo sampo. Ukirusha chakula wale wakubwa wenye nguvu ndio wanakuja juu kwanza, wadogo wanabaki chini. Omba wainue neti ya keji mpaka samaki wajikusanye, alafu uchote bila kuchagua. Tulichota 40, tukaweka kwa beseni, mizani ikasoma kilo 9.2 bila beseni, gawanya ni gramu 230 kila mmoja. Samaki wa gramu 230 miezi mitano hafiki 500 mwezi wa sita. Akienda vizuri ni mwezi wa nane ama zaidi, na ile "mara mbili kwa mwaka" imekufa hapo hapo, ni moja na nusu kama una bahati. Ukirudi kwa eksel na hiyo moja tu, mauzo ya milioni 8.3 yanashuka hadi kama 6.2 kabla hujagusa kitu kingine.

Vifo navyo, asilimia 5 ni ya msimu mzuri. Mwaka 2022 wafugaji wa keji upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi sana oksijeni ilipoisha kwa maji, na hiyo haiji kwa asilimia, inakuja usiku mmoja inachukua keji nzima. Kwa hivyo nauliza nani analala pale, na saa kumi alfajiri akiona samaki wanahema juu atafanya nini. Hawa walikuwa na jibu nusu: mlinzi yuko, mashine ya kupima oksijeni haiko.

Karatasi nitazipitia haraka juu hizo mtu yeyote atawaambia: leseni ya samaki, NEMA, na BMU, yaani kikundi kinachosimamia ufuo, kama inawatambua. Moja tu ndiyo watu hawaangalii. Wanatuuzia robo, robo ya nini? Tulipotafuta kwa eCitizen ilikuwa bizinesi nemu, sio kampuni. Bizinesi nemu haina hisa za kukugawia robo. Kama ni kampuni omba CR12 ya sasa, uone majina ya wakurugenzi na nani ameshika hisa ngapi, na uiombe kabla hamjaanza kubishana bei.

Hatukuwatupa, juu yule kijana alijibu kila swali bila kukasirika na hajawahi kuficha daftari. Ile milioni 3 tulikataa. Tuliwaambia wasajili kampuni kwanza, alafu tukalipia chakula cha keji tatu moja kwa moja kwa duka la yule mama, gunia kwa gunia, wao wanatuma uzito wa sampo kila wiki mbili na risiti ikiwa kando yake. Mavuno ya hizo tatu yakishapimwa tutajua FCR yao halisi, na hapo ndipo tutaongea bei ya hisa. Hiyo bizinesi yake ya kubeba samaki wa majirani nimemwambia aiandikie peji yake peke yake, juu kwa maoni yangu akipata friza ya maana inaweza kumlipa mapema kuliko keji.