Matembezi ya alfajiri na kipimo cha 4.8

"Natumia dawa za kisukari, metfomini na glibenklamidi. Jana kabla ya kwenda kutembea Coco Beach, bila kula, nilipima sukari ya damu ikawa 4.8, nikarudi natetemeka. Niache mazoezi?"

Usiache, mama, ila usiondoke nyumbani na 4.8. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata sukari inaposhuka, na misuli inayotembea huitumia sukari hiyo hiyo. Metfomini peke yake isingekuwa na hatari kubwa kiasi hicho.

Mashine ikisoma chini ya 5.0 mmol/L, kula ndizi mbivu moja, subiri dakika 15, kisha upime tena baada ya kunawa na kukausha mikono, kwa sababu majimaji ya tunda yakibaki kidoleni hupandisha namba kwa uongo, na wengi hudanganyika hapo.

Ukirudi, pima kabla ya kifungua kinywa, na tena kabla ya kulala, kwani misuli huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi. Ukitetemeka au ukisoma chini ya 4.0, simama, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, na urudie kipimo baada ya dakika 15. Namba hizo mpelekee daktari wako, ambaye anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa, usiipunguze mwenyewe.