Pini imechorwa 5:1: urefu wake halisi ni upi?

Ukipewa mchoro wa kipande kidogo cha mashine, anza na kile kisanduku cha maelezo kwenye pembe ya chini kulia ya karatasi. Humo utakuta jina la kipande, namba ya mchoro, malighafi, ukubwa wa karatasi na skeli, ambayo kwenye michoro mingi huandikwa SCALE. Vitu viwili vya mwisho ndivyo tunavyovihitaji hapa, na lazima visomwe pamoja.

Kwenye skeli, namba ya kwanza ni ya karatasi na ya pili ni ya kitu chenyewe. Kwa hiyo 5:1 ni kusema milimita 5 za karatasi zinasimama badala ya milimita 1 ya chuma: kipande kimekuzwa. Ikigeuka kuwa 1:5, kipande kimepunguzwa. Skeli za kukuza utakazokutana nazo zaidi ni 2:1, 5:1, 10:1, 20:1 na 50:1. Ukiona 3:1 au 7:1, shuku kwanza, kwa sababu haimo kwenye orodha ya kawaida.

Tuchukue pini ya chuma iliyochorwa kwa 5:1 kwenye karatasi ya A3. Kipenyo kimeandikwa 4, lakini namba ya urefu imefutika kwenye nakala. Unaweka rula juu ya pini na kupata milimita 60. Wengi wakiona 5 wanazidisha, wanapata 300. Kilichokuzwa hurudishwa kwa kugawanya: 60 ÷ 5 = 12. Urefu ni milimita 12. Jibu la 300 lingejikamata lenyewe kama ungetazama umbo: kwenye mchoro urefu ni mara tatu tu ya kipenyo, na pini ya kipenyo cha 4 yenye urefu wa 300 ni fimbo.

Angalia pia kwamba ile 4 hatukuigawanya. Namba iliyoandikwa kwenye mstari wa vipimo tayari ni ukubwa halisi, hata mchoro ukuzwe mara ishirini. Anayeigawanya kwa 5 anakereza pini ya milimita 0.8. Pembe nazo haziguswi; nyuzi 45 hubaki 45 kwa skeli yoyote.

Sasa ile 4 itumie kuikagua skeli yenyewe. Pima kipenyo kwa rula, kisha gawanya ulichopima kwa kilichoandikwa. Ukipata 20 ÷ 4 = 5, karatasi inasema kweli. Ukipata kama milimita 14, jibu ni 3.5, na hapo karatasi imebadilishwa ukubwa. Mara nyingi kisanduku kinasema A3 ilhali ulichoshika ni A4 yenye milimita 297 kwa 210, kwa sababu aliyechapisha alichagua “Fit” badala ya “Actual size”. Kutoka A3 kwenda A4 kila mstari hupungua hadi karibu asilimia 71. Urefu wa pini utausoma 42.4, ukigawanya kwa 5 unapata takriban 8.5, na pini inatoka fupi bila kosa lolote la hesabu. Gawanya kwa uwiano uliokagua, yaani 3.5, na 12 yako inarudi. Kwa ukaguzi chagua kipimo kirefu kilichoandikwa, maana kwenye kifupi kosa la nusu milimita la rula lina uzito zaidi. Usichague kilichopigiwa mstari chini ya namba. Hicho hakikuchorwa kwa skeli. Na kisanduku kikiandika NTS, yaani “not to scale”, mchoro wote haupimiki kwa rula.

Kuna mtego mwingine ambao naona ndio mbaya kuliko yote, kwani hauonekani kwenye kisanduku. Tuseme pini hii ina mfereji wa ringi ya kufungia, na mfereji umezungushiwa duara lenye herufi A. Pembeni kuna picha nyingine ya mfereji peke yake, juu yake pameandikwa A (20:1). Skeli hiyo ndiyo inayotawala picha hiyo. Ya kisanduku ni ya mchoro mkuu. Upana uliopima milimita 10 ni 10 ÷ 20 = 0.5. Ukitumia 5 utapata milimita 2, na ringi ya unene wa 0.4 itacheza ovyo ndani yake.

Urefu uliopatikana kwa rula unafaa kukata malighafi au kukagua kama namba iliyoandikwa inaingia akilini. Kwa 5:1, kosa la nusu milimita kwenye karatasi ni 0.1 kwenye chuma, kwa hiyo kama mchoro unadai ustahimilivu, yaani tofauti ya kipimo inayoruhusiwa, wa ±0.05, rula haiwezi kukufikisha huko. Mwombe mchoraji nakala yenye namba ya urefu kabla hujawasha mashine.