Sekstanti, beseni la mafuta na jua la Mwanza

"Nimeachiwa sekstanti, kile kifaa cha mabaharia cha kupimia pembe za jua na nyota, na babu. Nikipima jua la mchana kupitia beseni la maji hapa Mwanza, mkono unafika mwisho wa kipimo kabla jua na taswira yake havijakutana. Je, imeharibika?"

Ndugu yangu, kifaa hicho ni kizima. Hata mimi, niliporudi Mwanza baada ya miaka ya ubaharia, nilitega beseni la mafuta uani nikaaibika vivyo hivyo.

Kioo cha juu cha sekstanti huzunguka pamoja na mkono, na kila kinapogeuka digrii moja, mwali wa jua hugeuka digrii mbili. Ndiyo maana tao la kipimo lenye upana wa digrii 60 huandikwa hadi 120 au zaidi kidogo. Beseni nalo hukupa pembe kati ya jua na taswira yake, ambayo ni mara mbili ya kimo cha jua, yaani pembe yake juu ya upeo. Mwanza iko karibu digrii 2 na nusu kusini ya ikweta, hivyo jua la adhuhuri halishuki chini ya digrii 64 siku yoyote ya mwaka. Mara mbili yake ni 128, na tao limekwisha.

Dawa yake ni upeo wa ziwa wenyewe, pale maji yanapokutana na anga, kwani huo hukupa kimo mara moja tu. Tarehe 21 Juni mwaka mmoja nilikuwa kwenye boti kaskazini ya kisiwa cha Ukara, ambako upande wa kaskazini ni maji matupu. Adhuhuri ya jua huku huja saa saba kasoro dakika kumi hivi, si saa sita kamili, kwa sababu saa zetu hufuata meridiani iliyo mashariki yetu. Niliteremsha taswira ya jua kwa mkono wa sekstanti, nikiwa nimeweka vioo vya giza, mpaka ukingo wake wa chini ukagusa upeo, kisha nikayumbisha sekstanti taratibu kama pendulamu, kwani ukiishika upande kidogo tu pembe huzidi. Kipimo sahihi ni pale jua linapogusa maji kwenye sehemu ya chini kabisa ya myumbo huo. Jua liliacha kupanda kwenye digrii 64 dakika 52, dakika hapa ikiwa sehemu ya sitini ya digrii.

Jicho langu lilikuwa mita 4 juu ya maji, na ukiwa juu upeo huonekana chini kidogo, kwa hiyo nilitoa dakika 3.5, nikaongeza 15.5 za nusu ya kipenyo cha jua, baada ya kupunguza mpindo wa mwanga angani. Kimo kikawa digrii 65 dakika 4. Ukitoa katika 90, jua lilikuwa digrii 24 dakika 56 kutoka utosini, upande wa kaskazini. Siku hiyo jua husimama juu ya digrii 23 dakika 26 kaskazini; tofauti, digrii 1 dakika 30, ndiyo latitudo yangu kusini ya ikweta. Kila dakika ya latitudo uliyokosea ni mita 1,852.

Beseni lako lisubiri usiku. Nyota ya chini ya Msalaba wa Kusini, ikifika kileleni, huwa na kimo cha takriban digrii 29 na nusu hapo Mwanza. Mara mbili yake, 59, inaenea kwenye tao bila taabu.