Geti lililosagwa laini na kupakwa rangi: utajuaje kama weldi imeshika?

*Papa fundi, mwezi uliopita fundi alinitengenezea geti la chuma hapahapa kwetu Himbi, Goma. Kila upande una upana wa mita mbili. Weldi zilisagwa hadi huzioni, rangi nzuri. Sasa bawaba ya juu inapasuka. Fundi anasema geti ni zito, ataongeza chuma juu ya ufa. Nimkubalie? Na nitajuaje kama bawaba nyingine ni nzima?*

Usimkubalie, mama. Kwanza egemeza geti kwa magogo, kisha mtu yeyote asipite chini yake mpaka lishughulikiwe.

Hiyo habari ya uzito naisikia kila wiki, na hesabu inaikataa. Chukua upande mmoja wa kilo 80, wenye upana wa mita 2, bawaba zikiachana mita 1.5. Uzito unaning'inia katikati, mita 1 kutoka kwenye nguzo, kwa hiyo bawaba ya juu inavutwa kwa nguvu ya kilo kama 53. Ongeza uzito wenyewe wa geti, ongeza upepo na watoto wanaoning'inia, bado ni kidogo. Weldi ya sentimita 5 iliyoshika vizuri, yenye unene wa milimita 3, inabeba zaidi ya tani moja. Ikipasuka ndani ya mwezi, ujue haikushika tangu siku ya kwanza.

Angalia ufa wenyewe. Ukipita ukingoni mwa weldi, upande wa bawaba, na chuma cha chini kikibaki laini kama kilivyotoka dukani, basi weldi ililala juu tu bila kuyeyuka pamoja nacho. Lakini ukiona tiubu yenyewe ndiyo imechanika, kingo zikiwa za kukwaruza, weldi ilishika, tiubu ndiyo nyembamba mno.

Kwenye bawaba kosa la kwanza ndilo la kawaida, na sababu yake inajulikana. Bawaba ni nene, pengine milimita 5 au 6, na tiubu ni milimita 1.5. Fundi akiogopa kutoboa tiubu anapunguza moto, na bawaba haipati joto la kutosha. Umeme ukishuka katikati ya kazi inakuwa mbaya zaidi. Fundi anayejua anaelekeza moto zaidi kwenye chuma kinene, kisha anauvuta kidogo kuelekea kwenye chembamba. Bageti ya milimita 2.5 inataka takriban ampea 60 hadi 90. Akishuka chini ya hapo anapaka chuma tu.

Ndiyo maana sifa ya weldi "laini" inanikera. Kusaga kunapunguza unene wa weldi, na diski inaburuta chuma juu ya nyufa na matundu hadi yafichike. Halafu mastiki, halafu rangi, na mteja anasifu! Geti zuri nalitaka nilione kabla ya diski kuguswa.

Kwa bawaba zilizobaki, ondoa rangi kwa brashi ya waya, si kwa diski ya kusagia. Shika tochi kando, mwanga upite karibu sawa na uso wa chuma, ufuate mstari ambapo weldi inakutana na kila kipande. Inatakiwa iteremke taratibu pande zote mbili. Ikivimba na kujikunja ukingoni kama tone la nta, haikushika. Pitisha ukucha: ukinaswa kwenye mfereji kando ya weldi, moto ulikula tiubu, na nusu milimita kwenye tiubu ya milimita 1.5 ni theluthi ya nguvu yake. Matundu madogo nayo yanaingiza maji ndani ya tiubu, na mvua yetu hapa, ikichanganyika na moshi wa Nyiragongo, inakula chuma haraka kutoka ndani ambako hakuna rangi.

Kuongeza chuma juu ya ufa kunaufunika tu, chini unaendelea. Ufa usagwe wote mpaka mstari usionekane tena, ndipo kuchomelewe upya.

Jicho nalo lina mpaka: weldi nzuri kwa nje inaweza kuwa haikushika chini. Kwa hiyo kabla hajagusa geti lako, mwambie fundi achomelee kipande cha bawaba kwenye kipande cha tiubu ileile, upande mmoja tu, kwa mashine na bageti zilezile, kisha akipige nyundo kifunguke kutoka upande usiochomelewa. Tiubu ikijikunja au ikichanika kabla weldi haijaachia, aendelee. Ikiachia safi, mtafute mwingine.

Na nyinyi mnaojenga sasa: kubalianeni na fundi kwamba malipo ya mwisho ni baada ya kuona weldi tupu, ganda limegongwa, brashi imepita, bila mastiki wala rangi. Fundi anayekataa hilo msimpe kazi ya geti, wala ya ngazi, wala ya mnara wa tangi la maji.