Muhuri unagongwa kwenye fotokopi, si kwenye cheti

Nina steshenari ndogo hapa Dodoma: mashine mbili za fotokopi, skana moja na benchi la wateja. Tangazo la ajira za serikali likitoka, benchi linajaa tangu asubuhi, watu wakitaka nakala za vyeti za kupeleka kuthibitishwa na mwanasheria. Juzi kati aliingia kijana mmoja, akatoa bahasha, akaniwekea mezani cheti chake cha kidato cha nne. Cheti chenyewe, si nakala. Pembeni ya picha yake palikuwa na muhuri wa zambarau, saini na tarehe.

"Dada, naomba uniskanie hiki. Nimeshathibitisha kwa mwanasheria."

Niliusoma ule muhuri mara mbili. Ulisema kwa Kiingereza kwamba karatasi hii ni nakala sahihi ya cheti halisi. Yaani cheti halisi cha Baraza la Mitihani sasa kinajitangaza chenyewe kuwa nakala, na wino ule hautoki. Siku ya usaili watu wa meza ya uhakiki watakishika, watakigeuza, watamuuliza. Atajieleza, na huenda wakamwelewa, lakini kila atakapokwenda maisha yake yote atajieleza upya.

Simcheki, kwa sababu mimi nilifanya la kwangu. Miaka hiyo natafuta kazi nilipeleka vyeti vyangu kwa wakili, akanigongea seti moja vizuri. Nikaona nimepata dawa: seti ile ile nikaitoa fotokopi tano na kuzituma sehemu tano. Sehemu moja nilipofuatilia, karani wa masjala akanionyesha karatasi zangu. Muhuri wote ulikuwa mweusi kama maandishi mengine. "Hii ni picha ya muhuri, mwanangu, si muhuri," akaniambia, na alikuwa sahihi. Wakili alithibitisha karatasi aliyoishika mkononi. Fotokopi ya karatasi ile hakuiona, kwa hiyo hakuna aliyeithibitisha.

Ukilielewa hilo, mengine yote yanajipanga. Unakwenda kwa wakili na vitu viwili: cheti halisi na fotokopi yake. Anaviweka sambamba, analinganisha majina, namba ya mtihani, mwaka, alama, kisha anagonga kwenye fotokopi na kusaini. Cheti halisi kinarudi kwenye bahasha kikiwa safi kama kilivyotoka. Ukirudi nyumbani unaskani ile fotokopi yenye muhuri, na hiyo ndiyo unayopandisha kwenye mfumo. Wanaokosea hubadili mpangilio. Wengine huskani cheti kwanza, wakapandisha, halafu ndiyo wanaulizia muhuri. Wengine hugongewa kwenye halisi kama kijana wangu.

Fotokopi yenyewe ina mambo yake. Vyeti vya Baraza vina rangi ya chini, na mashine ikiwekwa wino mwingi uso wa mwenye cheti unakuwa doa jeusi. Mimi huwa nashusha wino mpaka pua na macho vionekane, hata kama maandishi ya pembeni yatafifia kidogo. Kama cheti au taarifa ya matokeo ya chuo ina maandishi nyuma, toa pande zote mbili na kila upande ugongwe. Muhuri wa ukurasa wa kwanza hauwezi kusemea ukurasa wa pili. Na umwombe wakili asigonge juu ya jina wala namba ya mtihani. Nafasi tupu huwa haikosekani.

Sasa, nani anagonga? Tangazo la Sekretarieti ya Ajira huandika "mwanasheria", na neno hilo ndilo linalowapotosha watu. Jirani aliyemaliza shahada ya sheria mwaka jana ni mwanasheria kweli, lakini hana mamlaka hayo. Anayetakiwa ni wakili aliyeandikishwa, ambaye pia ni mthibitishaji wa nyaraka na kamishna wa viapo chini ya Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania. Muhuri wake huwa na jina lake, hadhi hizo tatu na anwani, kisha yeye anaweka saini na tarehe kwa mkono. Muhuri usio na jina la mtu, hata ukiwa na nembo nzuri kiasi gani, ukatae. Leseni ya wakili huhuishwa kila mwaka, na Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambako unatafuta jina lake na kuona kama ameruhusiwa kufanya kazi. Ni dakika mbili za simu, hasa unapokutana na meza ya kugonga mihuri iliyochipuka jana nje ya ofisi fulani.

Hakimu naye ni kamishna wa viapo kwa cheo chake, ndiyo maana wazazi wetu walikuwa wakikimbilia mahakama ya mwanzo. Bado inawezekana, ila soma tangazo lako: likitaja mwanasheria, peleka kwa wakili uepuke mabishano. Mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa mihuri yao ni ya kukutambulisha kwamba unakaa pale, haithibitishi cheti cha shule. Polisi wanakupa taarifa ya upotevu, basi.

Bei? Kwa mawakili wa karibu na duka langu utalipa kwa karatasi, na ukiwa na karatasi nyingi unapunguziwa ukiomba kwa adabu. Anayekugongea bila kutazama cheti halisi, hata kama ni bure, mkimbie. Anaahidi kwa saini yake kwamba ameona kitu ambacho hajakiona, na ikibainika, cheti chako ndicho kitakachotiliwa shaka kwanza.

Kuna jambo ambalo muhuri wa wakili hauliwezi, na hapa ndipo wanaoomba mikopo ya elimu ya juu wanakwama kila mwaka. Wakili anasema: nakala inafanana na karatasi niliyoonyeshwa. Hasemi kwamba karatasi ile ilitolewa kweli na aliyetajwa juu yake. Hilo ni la mtoaji mwenyewe, na tunaliita uhakiki. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho vivyo hivyo. Kwa waliozaliwa Zanzibar wanaohakiki ni ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Unaweza kugongewa mihuri kumi na mawakili kumi, bado haitakuwa uhakiki. Unaingia kwenye mfumo wa eRITA, unapandisha skani ya cheti, unalipia, na wao wanatazama kwenye daftari lao. Vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono ndivyo vinavyochelewa, kwa hiyo usingoje dirisha la mikopo lifunguliwe. Vivyo hivyo kwa aliyesoma nje ya nchi: cheti cha sekondari kinapita kwa Baraza la Mitihani, shahada inapita Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, stashahada inapita baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, kabla wakili hajaguswa.

Skani inakubalika wapi? Kwa uzoefu wangu, inakubalika pale ambapo kuna siku nyingine mbele yako ya kuonyesha cheti halisi. Ajira Portal, mfumo wa kuombea ajira za serikali, inapokea skani kwa sababu ukiitwa kwenye usaili utakuja na halisi, na tangazo la usaili huandika hivyo waziwazi. Udahili wa vyuo vikuu umekwenda mbali zaidi: ukijaza namba yako ya mtihani wa kidato cha nne au cha sita, mfumo unayavuta matokeo wenyewe, na cheti utakionyesha siku ya kujisajili chuoni. Fomu ya Bodi ya Mikopo unaichapisha, inasainiwa na serikali ya mtaa na wakili au hakimu, kisha unaskani kurasa zenye saini na kuzirudisha mtandaoni. Lakini pale ambapo karatasi yenyewe inabaki kwenye jalada, au inavuka mpaka kwenda ubalozini, mara nyingi wanataka wino wenyewe. Kwa nchi za Ghuba kwa mfano, muhuri wa wakili huwa ni ngazi ya kwanza tu, juu yake panakuja Wizara ya Mambo ya Nje halafu ubalozi, na huwezi kumpelekea ofisa faili la simu akaligonga.

Skani inayokubalika pia lazima isomeke. Picha ya simu iliyopigwa kitandani, shuka linaonekana na kivuli cha mkono kimekata jina, hiyo si skani. Mimi naskani kwa rangi, nukta 200 hadi 300 kwa inchi, kwa sababu rangi ndiyo inayoonyesha kwamba muhuri ni wa wino wa bluu au zambarau. Ukiskani kwa nyeusi na nyeupe unarudi kwenye kosa langu la zamani. Halafu nahifadhi kama PDF, cheti kimoja faili moja, na faili nalipatia jina kama `cheti_kidato4.pdf`. Mfumo ukikataa kwa sababu ya ukubwa, shusha nukta kwanza. Usiondoe rangi.

Nirudi kwa yule kijana. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa kimeshaharibika, hilo halikuwa na dawa dukani kwangu. Nilimtolea fotokopi ya cheti hicho, cha kuzaliwa, cha stashahada na taarifa yake ya matokeo ya chuo, pande zote. Alikuwa ametoa pia karatasi ya matokeo ya kidato cha sita. Nikamwambia airudishe kwenye bahasha: matangazo yale huandika kabisa kwamba karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazipokelewi, wanataka cheti. Cheti chake kilikuwa bado shuleni, hajawahi kukifuata. Wengi hawakifuati.

Nilipokuwa napanga nikaona jingine. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi, cha shule Mohamed. Wakili angeweza kugonga vyote viwili bila kosa, maana kila nakala inafanana na halisi yake, na bado kijana angekwama kwenye usaili. Kwa majina yasiyolingana, Sekretarieti huelekeza hati ya kubadili jina, ile watu wanayoiita dipoli, iliyosajiliwa. Tangazo lilikuwa limebakiza siku tisa.

Akaondoka na orodha ya mambo mawili kwenye kipande cha karatasi: kwa wakili kuhusu jina, na basi la jioni kwenda shuleni kwake kuchukua cheti. Fotokopi nilimwachia kwenye droo, bila muhuri, mpaka arudi na halisi zote mkononi.