Peso juu ya yeni: msikilize aliyefungiwa akaunti Agosti 2024

"Niko Lamu, nina dola 2,500. Nataka kushika peso ya Meksiko kwa yeni ya kukopa ili nipokee riba kila usiku. Mwalimu wangu asema nifungue ya dola 25,000 kwa kuwa yeni haiwezi kupanda. Nitumie broka gani, kodi ikoje, na stopu niiweke wapi?"

Usifungue. Dola 25,000 juu ya mtaji wa 2,500 ni mara kumi, na mimi nilimalizwa nikiwa mara sita tu. Hayo maneno kwamba yeni haiwezi kupanda niliambiwa mimi pia, hapa Malindi, Mei 2024, na mtu aliyekuwa akifundisha vijana ghorofani karibu na soko. Kuyaona tena yakimwendea mtu mwingine kumeniuma.

Nilikuwa na dola 3,000. Kusi ilikuwa imeshaingia, mashua yangu nimeipandisha ufukweni, Waitaliano wamekwenda zao, na pesa za msimu zimekaa tu. Riba ya benki kuu ya Meksiko ilikuwa asilimia 11, ya Japani kati ya sifuri na 0.1. Ukinunua MXNJPY, yaani peso kwa yeni, kwenye simu ni sawa na kukopa yeni, kuziuza, na kushika peso, na tofauti ya riba inaingia kwenye safu iliyoandikwa Swap. Broka hakupi yote, anakata chake. Mimi nilikuwa napata kama asilimia 8 kwa mwaka ya kile nilichoshika, na Jumatano zinaingia za siku tatu kwa sababu ya wikendi. (Kama akaunti yako ni ile isiyo na swap, hupati hata senti, kwa hiyo mpango wote haupo.)

Nilishika peso za thamani ya dola 9,000, yaani mara tatu ya mtaji, peso moja ikiwa kama yeni 9.3. Riba ikawa dola mbili kwa usiku. Ukizipiga kwa mwaka zinapita dola 700 juu ya 3,000, na hesabu hiyo ndiyo mwalimu anayoiandika ubaoni. Haandiki kwamba peso ikishuka kwa asilimia mbili tu, jambo linaloweza kutokea kwa siku moja, dola 180 zimeondoka. Hizo ni riba za miezi mitatu.

Tarehe 2 Juni Wameksiko wakapiga kura, chama tawala kikashinda kwa wingi kuliko masoko yalivyotarajia, na peso ikaanza kuteremka. Kufikia katikati ya Juni ilikuwa karibu yeni 8.4. Nilikuwa chini kwa kama dola 900 na usingizi umenipotea. Mwalimu akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: tulieni, riba itarudisha. Na kweli, mwanzoni mwa Julai dola moja ilifika karibu yeni 162, na peso ikapanda tena hadi yeni 9 na kitu.

Hapa nisome taratibu, maana kosa langu kubwa liko hapa. Lile anguko la Juni lilikuwa onyo, na mimi nililisoma kuwa uthibitisho. Nikajiambia: imeanguka, imerudi, na riba imeingia muda wote, basi hii kitu haiui. Nikaongeza dola 9,000 nyingine za peso bila kutia hata shilingi ya mtaji. Sasa nashika kama 17,700 juu ya akaunti yenye dola 2,800. Mara sita na ushei. Riba ikawa karibu dola nne kwa usiku, nikafurahi, na sikuona kwamba kwa bonyezo lile moja nimekata kwa zaidi ya nusu umbali kati yangu na ukuta. Kabla ya kuongeza, peso ingeweza kuanguka kwa zaidi ya robo kabla broka hajanifungia kwa kuishiwa mtaji. Baada ya kuongeza, asilimia 13 zilitosha.

Na dunia nzima ilikuwa imesimama upande huo huo. Kila wiki mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba, CFTC, hutangaza nani ameegemea upande gani. Mapema Julai walanguzi walikuwa wameuza yeni kwa mikataba zaidi ya 180,000 kuliko waliyonunua, kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 2007. Takwimu hiyo iko wazi kwa yeyote, bure, na mwalimu wetu hakuitaja hata siku moja. Fikiria mashua iliyojaa watu, wote wameketi ubavu mmoja. Haihitaji wimbi kubwa.

Tarehe 11 na 12 Julai serikali ya Japani ikanunua yeni sokoni. Tarehe 25 dola ilikuwa imeshafika karibu yeni 152, na peso karibu 8.3. Akaunti yangu ilibaki na dola 1,490 hivi. Hapo ningekata ningetoka na nusu ya pesa zangu. Badala yake nilichukua dola 800 za kutia mashua kalafati na kutengeneza injini kabla ya kaskazi, nikazituma kwa broka ili "kuipa akaunti pumzi". Maneno hayo pia ni ya mwalimu.

Tarehe 31 Julai benki kuu ya Japani ikapandisha riba yake hadi karibu 0.25. Elewa vizuri hapa, kwa sababu mwalimu wako atakuambia kiasi hicho si kitu ukilinganisha na 11 za Meksiko za wakati ule. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana hoja yake haina maana. Mimi sikumalizwa na hiyo robo ya asilimia. Aliyekopa yeni lazima azinunue tena ili alipe. Yeni ilipoanza kupanda, wenye dhamana nyembamba walifungwa kwa nguvu, na kufungwa kwao ni kununua yeni. Huko kununua kukaipandisha yeni zaidi, kukawafunga waliofuata. Na ili kununua yeni waliuza walichoshika, yaani peso, kwa hiyo peso ikaanguka hata dhidi ya dola. Pande mbili za biashara yako zinakupiga kwa pamoja. Ukiona peso inashuka dhidi ya dola siku ile ile yeni inapanda dhidi ya dola, siku tatu mfululizo, ujue watu wameshaanza kukimbilia mlangoni.

Ijumaa tarehe 2 Agosti takwimu za ajira za Marekani zikatoka mbaya, ukosefu wa kazi asilimia 4.3. Peso ikafunga wiki chini ya yeni 7.7. Wikendi huwezi kufanya lolote, unaangalia tu namba zilizoganda. Jumatatu tarehe 5 Tokyo ikafunguliwa sisi huku tumelala, maana wako mbele yetu kwa saa sita. Saa tatu asubuhi kwetu, soko lao la hisa lilipofungwa, Nikkei ilikuwa imeanguka kwa asilimia 12.4, anguko la siku moja kubwa kuliko yote tangu Oktoba 1987. Dola ilishuka hadi chini ya yeni 142. Peso ilipopita 7.35 broka alinifungia kila kitu bila kuniuliza, na ndivyo mkataba unavyosema.

Nilikuwa nimetia dola 3,800 jumla. Zilibaki kama 400. Riba yote niliyopokea kwa miezi ile haikufika dola 230.

Sasa sikia linalonitesa mpaka leo. Tarehe 7 Agosti naibu gavana wa benki kuu ya Japani, Shinichi Uchida, akasema hawatapandisha riba wakati masoko hayajatulia. Kufikia katikati ya mwezi peso ilikuwa imerudi karibu yeni 8. Kama nisingeongeza Julai, zile 9,000 za mwanzo zingenipeleka mpaka dola elfu moja hivi asubuhi ile mbaya, akaunti ikiwa hai bado, na wiki mbili baadaye ningekuwa na karibu 1,900. Ningekuwa nimeumia, lakini ningekuwa bado na pesa na mashua yangu majini. Kilichonimaliza ni bonyezo moja la Julai.

Yule mwalimu hakupoteza kitu. Baadaye nilikuja kujua kwamba broka alikuwa akimlipa kwa kila muamala wa wanafunzi wake, kwa ukubwa wa muamala. Mimi nilipoongeza maradufu, yeye alilipwa maradufu. Alijua, na alitutazama usoni akatuambia tutulie. Muulize wako leo, waziwazi, mbele ya wenzio: wewe unalipwa nini mimi nikifungua ya dola 25,000? Jibu lake litakufunza kuliko darasa zake zote.

Kuhusu stopu, yaani amri ya kuuza bei ikishuka hadi pale ulipopanga: kuiweka ni bora kuliko kutoiweka, lakini stopu huuza kwa bei itakayopatikana, na Jumatatu kama ile bei inafunguka chini ya pale ulipoiweka. Na ukiwa mara kumi, stopu yako itabidi iwe karibu sana hivi kwamba siku moja ya kawaida itakutoa.

Kanuni yangu sasa ni moja. Thamani ya unachoshika isizidi mtaji wako, dola kwa dola, na usiongeze juu yake kwa sababu imekulipa. Kutoka kilele cha Mei hadi asubuhi ya Agosti 5 peso ilipoteza karibu robo ya thamani yake kwa yeni. Ukishika 2,500 kwa 2,500, anguko kama hilo linakuachia kama 1,900 na hakuna wa kukufunga. Ukishika 25,000, asilimia tisa zinatosha kukumaliza, na peso ilishuka kiasi hicho mwezi Juni peke yake, miezi miwili kabla ya siku yenyewe.

Kwa dola 2,500 riba itakuwa kama senti 55 kwa usiku, au pungufu kama pengo la riba limepungua. Itazame namba hiyo. Hayo ndiyo mapato halisi ya biashara hii, na yote yaliyozidi hapo ni hatari umeuziwa kwa jina la riba. Chukua karatasi, andika bei ya leo, itoe robo, kisha andika akaunti yako inabaki na nini kwa ukubwa unaoutaka wewe na kwa ukubwa ninaokuambia mimi. Ziweke hapa hesabu zote mbili nizione kabla ya Jumatatu.